Kopo la Dawa Halifunguliwi Kabla Ndoo Hazijajaa

Hotuba kwa wenye saluni na vinyozi wa Dodoma

Mbukwenyi! Habari za mchana, dada zangu wa saluni, kaka zangu vinyozi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi. Shikamooni, mama zangu mliokaa mbele.

Nimeombwa nizungumzie umeme unaokatika na maji yasiyotoka, na namna tunavyoweza kufanya kazi hayo yakitokea. Ni mambo mapana, na nikianza kuyagusa yote tutafika magharibi hapa. Nitakaa zaidi kwenye kazi moja, nayo ni kuweka dawa ya kunyoosha nywele. Ndiyo inayotulipa vizuri mwisho wa wiki, na ndiyo inayoweza kumuumiza mtu saluni ikikosa maji katikati.

Angalieni kazi zetu moja moja. Ukiwa unasuka rasta umeme ukakatika, unasogeza kiti mlangoni, mikono inaendelea. Kinyozi mwenye mashine ya chaji anamaliza kichwa bila wasiwasi. Aliyekuja kushonea wivingi anaweza hata akaenda kula akarudi. Dawa haina subira hiyo. Ikishagusa nywele imeanza kazi, na haikomi mpaka uioshe. Ukiikosa ndoo ya maji dakika ile, huna kitufe cha kuizima.

Kwa nini iko hivyo? Dawa hizi tunazoziita rilaksa zina ukali wa upande wa magadi, siyo wa upande wa limau. Kwenye kipimo cha pH, maji safi yako 7, na dawa zetu nyingi ziko kati ya 12 na 14. Zipo zenye sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo soda kali, na zipo zinazochanganywa papo hapo, krimu yenye kalsiamu haidroksaidi na kimiminika chake cha kuiamsha. Hizi za kuchanganya zinauzwa kwa sifa ya kuwa laini, na wengi wetu tunadhani zikikaa kidogo zaidi hazina neno. Zina neno. Zote mbili zinavunja viungo vya ndani ya unywele vinavyoupa mkunjo, na zikimaliza hapo zinaendelea kuula unywele wenyewe na ngozi iliyo chini yake. Muda ulioandikwa kwenye boksi ni muda wa dawa kukaa kichwani, na saa hiyo haijui kwamba bomba limekauka.

Kwa hiyo kwenye saluni yangu kuna amri moja ambayo hata mimi mwenyewe siivunji: kopo la dawa halifunguliwi kabla maji ya kuosha kichwa hicho hayajakaa kwenye chombo, yanaonekana kwa macho. Maji ya bombani hayahesabiwi, hata kama asubuhi yalikuwa yanatoka kwa kasi. Yanayohesabiwa ni yaliyomo ndani ya ndoo.

Sasa ni maji kiasi gani? Hapa kila mmoja apime kwake, maana urefu wa nywele na mkono wa muoshaji unatofautiana. Chukua ndoo mbili za lita 20, osha kichwa kimoja cha dawa kwa jagi tangu mwanzo hadi kondishena, uone umebakiza kiasi gani. Kwangu, nywele za kufika mabegani zinakula lita 40. Karibu nusu inaondoka kwenye kuisukuma dawa itoke kabla shampuu haijaguswa, na hapo ndipo watu wanapobana maji, wakati hapo ndipo hayatakiwi kubanwa. Nusu nyingine ni ya nyutralaiza na kondishena. Kuosha kwa kawaida bila dawa, kwa jagi, kunanichukua lita 20. Juu ya hesabu hiyo ninaacha dumu moja la lita 20 kwa siku nzima ambalo haliguswi na mtu. Hilo ni la ajali tu.

Nyutralaiza nayo niiseme kidogo. Nyingi zimewekewa rangi ya kukuonya: povu likiwa la waridi, dawa bado imo, likiwa jeupe, imetoka. Siku ya shida ya maji tunashawishika kuosha mara moja na kufunga taulo. Usimalize kwa makadirio. Paka, sugua, tazama povu la kisogoni na la nyuma ya masikio, maana huko ndiko dawa inakojificha, suuza, rudia mpaka povu liwe jeupe. Mteja anayelalamika siku mbili baadaye kwamba kisogo kinawasha na nywele zinakatika kwa chini, mara nyingi ni hapo alipoharibiwa.

Jagi lenyewe lina shida yake. Mkono mmoja unamwaga, mmoja unasugua, maji yanakuja kwa mafungu, na yule mteja shingo inamuuma. Nataka niwaeleze kifaa nilichotengenezewa na fundi bomba wa mtaani, kwa sababu ni rahisi na kimeniokoa kuliko kitu chochote nilichonunua. Ni pipa la plastiki la lita 60 lenye mfuniko. Chini, kama vidole vinne juu ya kitako, fundi ametoboa tundu akafunga koki ya nusu inchi na mpira wa kuzuia kuvuja pande zote mbili. Kwenye koki ameunga mpira mwepesi wa mita 2, na mwisho wa mpira kuna kichwa cha shawa ya mkono. Pipa limekaa juu ya stendi ya chuma, na kitako chake kiko zaidi ya mita moja juu ya sinki. Ukifungua koki, maji yanateremka yenyewe mfululizo, umeme uwepo usiwepo, na mikono yote miwili inabaki kichwani.

Msitegemee kasi kubwa. Kila mita moja ya kimo inakupa msukumo mdogo tu, kama sehemu ya 0.1 ya ba, ndiyo maana kichwa cha shawa kiwe cha matundu makubwa, na mpira usiwe mwembamba wala usijikunje. Ikibidi, ondoa kichwa cha shawa kabisa, tumia mdomo wa mpira. Na kabla ya kulipandisha pipa, isukume stendi kwa nguvu. Lita 60 ni kilo 60 zinazoning'inia karibu na kichwa cha mtu. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima, na stendi yake ni kazi ya fundi anayejua kuchomelea na kumwaga zege. Asikufungie mtu wa kubahatisha.

Maji ya moto: ile hita ya shawa inayochemsha papo kwa papo haitakusaidia umeme ukikatika, na hata umeme ukiwepo haiwaki kama msukumo wa maji ni mdogo. Nina mtungi wa gesi, jiko na sufuria kubwa. Kwa ndoo ya lita 20, tanguliza lita kama 15 na nusu za maji ya kawaida, kisha ongeza lita 4 na nusu zilizochemka. Utapata maji ya uvuguvugu wa mwili. Baridi inatangulia, moto unafuata, na unapima kwa kifundo cha mkono kabla hujalijaza pipa. Kichwa kilichotoka kwenye dawa kina ngozi laini mno, kwa hiyo maji ya moto sana yanaunguza juu ya kuungua. Na sisi wa Dodoma tuna jambo letu: tangi jeusi na bomba linalopita juani saa 8 mchana hutoa maji ya moto yenyewe, wakati mwingine ya kuchoma. Asubuhi za Juni na Julai, tangi hilohilo linatoa maji ya kumtetemesha mtu. Usikariri kipimo, pima kila mara.

Kuna suala la maji ya chumvi. Maji ya mji wetu kwa sehemu kubwa yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na DUWASA ndiyo inayotusambazia. Lakini bomba likikauka, tunakimbilia kisima cha jirani au mkokoteni wa madumu, na visima vingi vya mitaani huku kwetu vina chumvi. Utayajua kwa shampuu kukataa kutoa povu, na kwa utando mweupe unaobaki kwenye sinki yakikauka. Hatari kwenye kazi ya dawa ni kwamba povu likiwa dogo, huioni vizuri ile rangi ya kukuonya, ukadhani umemaliza. Mimi ninatenganisha: ya chumvi ni ya choo, kudeki na kufulia taulo, na laini yanakaa kwenye pipa la nywele. Ukilazimika kuyatumia ya chumvi kichwani, yatumie kwenye kusukuma dawa mwanzoni, yale laini uyaache kwa nyutralaiza na suuzo la mwisho.

Na maji laini kuliko yote ni ya mvua, ambayo tunayaacha yaende mtaroni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Fremu yenye paa la mita 5 kwa 6, mvua moja ya milimita 20 ni lita 600, na hata ukipoteza moja ya tano kwenye kurukaruka na kufurika, unabaki na 480. Hivyo ni vichwa 12 vya dawa. Zile dakika za kwanza za mvua ya kwanza ziache zioshe vumbi la bati, kisha elekeza gata kwenye pipa, na ufunike.

Kabla sijaacha maji: itokee bomba limekata na dawa iko kichwani, kwa sababu yoyote ile. Usimfunge taulo umwambie asubiri. Kwa mgongo wa kitana, kwangua dawa iliyo nene uitupe, bila kukwaruza ngozi. Chukua lile dumu la ajali, mwaga kwa jagi ukianzia mahali panapowasha, kisha mpaka wa paji la uso, masikio na kisogo, mteja ameinama ili isiingie machoni. Maji yoyote safi yanafaa, hata ya chumvi, hata ya chupa kutoka duka la jirani. Usipake limau wala siki ukidhani unaivunja dawa, maana ukali wa aina mbili ukikutana juu ya ngozi unazaa joto, unaongeza kuungua. Ikiingia jichoni, suuza jicho kwa maji safi dakika 15 hadi 20 bila kukoma, halafu hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Sasa umeme. Wengi mnakumbuka mgao ulioanza mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Tangu hapo hali ni nyingine, lakini nguzo bado zinaanguka, transfoma zinaharibika, matengenezo yanatangazwa. Saluni haiumwi na mgao peke yake, saa mbili tu za Jumamosi zinatosha kuharibu siku.

Kosa la kawaida nalosikia kwa mafundi wanaotuuzia vifaa ni kutuambia "betri hii inaendesha saluni nzima". Hakuna. Geuza kila kifaa chako usome wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Taa ya LED ni wati 9. Mashine ya kunyolea 10 hadi 15. Pasi ya nywele, na hii inashangaza wengi, ni ndogo: ikishapata moto inakula kama wati 50. Halafu unakuja kwenye draya ya kofia, 900 au 1,000, na blodraya ya mkononi, 1,500 hadi 2,000. Kwa hiyo kuna kundi la vifaa vinavyotoa mwanga na kunyoa, na kuna kundi linalotoa joto la kukausha. La kwanza ni la betri. La pili ni la jenereta, na ukiyachanganya unaua betri.

Tufanye hesabu. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu, zibaki 600, na inveta yenyewe inakula kidogo, tuseme tunapata 500. Taa nne, pasi moja, mashine moja na chaja ya simu ni kama wati 110. Hapo una saa 4 na nusu za kazi, zinakutosha. Chomeka draya ya wati 1,000 kwenye betri hiyo: kwa karatasi ni nusu saa, kwa ukweli ni pungufu, maana betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu inatoa kidogo. Na inveta ya wati 500 itajizima kabla hata kofia haijapata moto.

Ununue betri ya sola, siyo ya gari. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiishusha na kuipandisha kila wiki inakufa mapema. Kwa jua la Dodoma, paneli ya wati 200 inairudishia betri ile nusu uliyotumia kwa siku moja nzuri. Na vinyozi, sikilizeni hapa: zile mashine za waya zinazounguruma hazipendi inveta za bei rahisi. Ukisikia mashine inagonga na kupata moto isivyo kawaida, umeme wa inveta siyo wa mawimbi safi. Ama tafuta inveta ya mawimbi safi, ama tumia mashine za chaji.

Jenereta: soma nguvu ya kudumu, siyo ya kilele. Ile ndogo kabisa ya kubeba mkono mmoja haiwezi draya ya kofia. Ninayoitumia inatoa wati 2,500 za kudumu. Draya zangu ni 900 kila moja, kwa hiyo zinakaa mbili bila kuibana, na blodraya haichomekwi wakati huo. Kwa mzigo huo inakunywa lita moja na kidogo kwa saa. Dakika 45 za kukausha ni kama lita moja ya petroli. Bei kikomo za mafuta EWURA inazitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi kwa hesabu tu tuseme lita ni shilingi 3,000. Ukimwashia mteja mmoja, amekula 3,000 yote. Ukiwasubirisha wawili wakakaa pamoja, ni 1,500 kila mmoja. Ndiyo maana mimi siwashi jenereta kwa sababu umeme umekatika. Ninawasha vichwa viwili vikiwa tayari kwenye rola.

Inakaa nje, mbali na mlango na dirisha, lako na la jirani. Siyo koridoni, siyo chooni, siyo nyuma ya pazia. Moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma na kizunguzungu, ambavyo saluni tutavisingizia harufu ya dawa. Na tafadhali, ule waya wa dume kwa dume wa kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani tuuache kabisa. Unarudisha umeme kwenye laini, na fundi aliyepanda nguzo akiamini hakuna umeme anauawa. Mwite fundi mwenye leseni afunge chenjiova.

Umeme ukikatika, chomoa draya na pasi zote ukutani. Mtu akifunga saluni usiku akaacha pasi kwenye swichi, umeme ukarudi saa 8 usiku, pasi inawaka juu ya taulo bila mtu. Na umeme ukirudi mchana, washa taa kwanza, ngoja dakika chache uone kama umetulia, kisha draya.

Niingie kwenye mawasiliano, kwa sababu vifaa vyote hivi mteja havioni. Yeye anaona kama alikuja akapata alichoahidiwa.

Mteja wa retachi ana wakati mmoja muhimu ambao tunausahau, nao ni wakati wa kufumua. Mama anayefanya kazi Mtumba anatoka ofisini Ijumaa jioni, anakaa sebuleni na binti yake anafumua rasta mpaka saa 4 usiku. Tena tumemwambia wenyewe asioshe wala asikwaruze kichwa siku moja kabla ya dawa. Jumamosi ukimwambia "leo hakuna maji", umemwacha na nywele zilizosimama, hana mtindo, na Jumatatu ana kikao. Ujumbe uleule ungemfikia Ijumaa saa 8 mchana, angebaki na rasta zake wiki moja zaidi bila kinyongo. Kwa hiyo ukaguzi wangu wa tangi na wa orodha ya wateja ni Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi ni kuchelewa.

Tangi nalipima kwa fimbo niliyoitia alama kila lita 100, naitumbukiza kwa juu. Tuchukue Ijumaa moja ambayo maji yalikuwa hayajatoka siku kadhaa. Fimbo ilisoma 350. Hamsini za chini ni tope, sizitumii, zinabaki 300. Orodha ya Jumamosi ilikuwa na retachi 5 na kuosha kwa kawaida 8. Retachi 5 ni lita 200, kuosha 8 ni 160, na dumu la ajali 20. Jumla 380, bado choo na kudeki. Nina 300.

Retachi zikapewa maji yao kwanza, lita 200 zikahamishiwa kwenye mapipa na kufunikwa. Dumu la ajali likajazwa. Zikabaki 80, yaani vichwa vinne vya kuosha. Choo na kudeki nikanunua madumu matatu ya maji ya kisima. Wale wanne waliozidi wakaandikiwa palepale: wawili walisema kwao maji yapo, wakaja wameosha nyumbani, wawili wakasogea wiki iliyofuata. Hakuna aliyefika mlangoni akarudishwa.

Ujumbe kwa wale wa retachi ulikuwa hivi: "Habari dada. Kesho una retachi na kuseti saa 4 asubuhi. Maji yako ya kuosha nimeshayaweka. Umeme wa mtaa wetu haujatulia, ukikatika tutakukausha kwa jenereta kwa bei ileile, ila unaweza kusubiri nusu saa zaidi. Kama una shughuli mchana, niambie nikuweke saa 2."

Na siku ambayo maji hayatoshi kabisa, ninaandika hivi: "Habari dada. Maji niliyonayo hayatoshi kuosha dawa, kwa hiyo kesho siweki dawa kwa mtu yeyote. Naweza kukusuka, au tusogeze retachi Jumanne saa 11 jioni maji yakiwa yameingia. Kama hujafumua, tafadhali usifumue."

Mnaona hakuna "samahani kwa usumbufu utakaojitokeza". Kuna nilichonacho, nisichonacho, na la kuchagua. Na kwa mama mtu mzima siandiki, ninapiga simu, ninamwamkia, kisha namweleza. Meseji kavu kwa mtu wa rika la mama yako, yenye habari ya kumvurugia siku, haipokelewi vizuri hata ikiwa na maneno mazuri.

Jumamosi ile umeme ulikatika saa 5. Mama mmoja aliyekuwa na sendofu jioni alikuwa ameshaoshwa, anafungwa rola. Taa zikabaki kwenye betri. Nikamwambia, "Mama, kuna dada anaoshwa sasa hivi, naye anakuja kukaa kofia ya pili. Nitawasha jenereta mkiwa wawili, ni kama dakika 20. Saa 7 utakuwa umetoka." Akaomba chai, akakaa. Nilichomwambia kilikuwa na muda ndani yake, ndiyo sababu hakuangalia saa kila mara. "Umeme utarudi sasa hivi" ni ahadi ambayo siyo yetu kuitoa.

Kuhusu bei, najua wapo wanaoongeza elfu mbili ya mafuta wakati wa kulipa. Siafiki. Kama gharama ya petroli inakushinda, ipandishe bei ya kuseti kwa mwaka mzima, itangaze ukutani na kwenye stetasi ya wasapu. Mteja akiambiwa nyongeza akiwa ameshavaa viatu, atalipa na hatarudi.

Dada mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: mimi nina fremu ndogo, sina hela ya yote hayo, nianzie wapi? Anza na pipa lenye koki na mpira, na madumu matatu yenye mifuniko. Ya pili, taa ya chaji na mashine ya chaji. Ya tatu, betri na inveta ndogo. Jenereta iwe ya mwisho, na hata hiyo usinunue peke yako. Sisi fremu tatu pale Nkuhungu tumenunua moja, inakaa kwenye kibanda cha wavu nyuma ya majengo. Kuna daftari limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa kibanda: anayewasha anaandika saa aliyowasha, saa aliyozima na draya ngapi, na Jumatatu tunagawana petroli kwa dakika. Oili inabadilishwa na aliyefikia zamu, na zamu zimeandikwa kwenye jalada la ndani la daftari hilo. Kesho ni zamu yangu, karibuni mje muone lile pipa na mchukue vipimo vya stendi.